Wamenitoa kwenye bodi, kesho yake wakanifungia ofisi. Mwenye hisa anaweza kudai kuwa amefukuzwa kazi isivyo haki?

*Wakili, salaam. Mimi ni mmoja wa watu watatu tulioanzisha kampuni yetu. Nina asilimia 30 ya hisa, kaka yangu ana 40, na rafiki yetu wa siku nyingi ana 30. Nimekuwa mkurugenzi tangu mwanzo, na kwa miaka tisa nimekuwa pia meneja wa uendeshaji: napanga zamu, nafuatilia mizigo, nalipwa mwisho wa mwezi na kodi inakatwa. Miaka miwili ya kwanza hatukulipana mshahara. Mwaka jana biashara ilipoyumba, sote watatu tulikubali mishahara ipunguzwe nusu. Mkataba wa ajira wa maandishi sina.*

*Wiki mbili zilizopita mkutano mkuu ulipiga kura nikaondolewa kwenye ukurugenzi. Kesho yake mlinzi akaniambia amekatazwa kunifungulia, na barua pepe yangu ya kazi haifunguki. Baadaye nikaletewa barua ya sentensi moja: "Kufuatia azimio la wanahisa, nafasi yako katika kampuni imekoma." Mwanasheria wao anasema mwenye mali hawezi kudai amefukuzwa kwenye mali yake. Sasa wamenitumia hati ya kuuza hisa zangu na kumaliza mambo yote, wanataka niisaini ndani ya siku saba. Na mkopo wa kampuni benki tuliudhamini mimi na kaka. Je, nina haki yoyote kama mfanyakazi, au nichukue kilichopo?*

*Mwanahisa Aliyefungiwa Mlango*

Dada yangu, pole sana. Kabla ya lolote: usiisaini hiyo hati wiki hii. Siku saba ni muda waliojipangia wao, haujawekwa na sheria yoyote. Muda unaopaswa kukunyima usingizi ni ule wa kufungua dai la ajira, ambao sehemu nyingine ni mfupi mno. Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Afrika Kusini nako ni siku 30. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa miaka mitatu. Ukichelewa, Tanzania na Afrika Kusini unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa kueleza kwa nini ulichelewa, na jibu la "tulikuwa tunazungumza kifamilia" mara nyingi halitoshi. Kwa hiyo hesabu siku zako kuanzia asubuhi ile ulipozuiwa getini, usihesabu kuanzia ulipopokea barua, halafu fungua dai hata kama mazungumzo yanaendelea. Dai lililofunguliwa linaweza kuondolewa mkielewana. Dai lililokufa kwa muda ni vigumu kulifufua.

Sasa nije kwenye hoja ya mwanasheria wao. Inasikika kama ina akili, lakini si sheria. Mali ya kampuni si ya wanahisa, ni ya kampuni yenyewe, na kampuni ni mtu wa kisheria aliye mbali na wenye hisa zake. Ndiyo maana mtu anaweza kumiliki hisa na wakati huohuo akaajiriwa na kampuni hiyohiyo. Jambo hili lilishaamuliwa zamani, tena katika kesi ngumu kuliko yako. Huko New Zealand, rubani mmoja aitwaye Geoffrey Lee alianzisha kampuni ya kunyunyizia mashamba mbolea kwa ndege. Kati ya hisa 3,000 alikuwa na 2,999. Alikuwa mkurugenzi mtawala wa maisha, na yeye mwenyewe ndiye aliyejiajiri kuwa rubani mkuu kwa mshahara. Mwaka 1956 ndege ikaanguka akafariki akiwa kazini. Mjane wake alipodai fidia ya mfanyakazi, Mahakama ya Rufaa ya huko ilimkatalia kwa hoja hiyohiyo unayoambiwa wewe: mtu hawezi kujiamuru mwenyewe. Baraza la Rufaa la Uingereza, lililokuwa ngazi ya juu ya rufaa kwa New Zealand wakati huo, likasema hapana. Kampuni ilikuwa mtu mmoja na Lee mtu mwingine, na hakuna kinachozuia wawili hao kuwa na mkataba wa kazi. Ikiwa mwenye hisa 2,999 kati ya 3,000 aliweza kuwa mwajiriwa, asilimia 30 zako haziwezi kukuzuia.

Ila hapa nakuomba uelewe vizuri, maana wengi huishika kesi ya Lee wakadhani imemaliza kila kitu. Kuwa mkurugenzi peke yake hakukufanyi mwajiriwa. Ukurugenzi ni cheo cha kushika. Mtu anaweza kukaa kwenye bodi miaka ishirini, akalipwa posho za vikao, asiwe mwajiriwa hata siku moja. Hisa nazo ni kitu kingine kabisa. Wewe umevaa kofia tatu, na dai la kuachishwa kazi isivyo haki linaiangalia ile ya tatu tu, ya mwajiriwa. Kwa hiyo swali utakaloulizwa si kama unaweza kuwa mwajiriwa. Utaulizwa kama kweli ulikuwa, na wewe ndiye utakayetakiwa kuthibitisha. Wakishindwa kwenye hoja ya mwenye mali, watahamia hapa.

Kutokuwa na mkataba wa maandishi ni udhaifu, lakini hakuvunji dai. Mkataba wa ajira unaweza kuwa wa mdomo, unaweza pia kuonekana kwenye mwenendo wa miaka. Mwamuzi ataangalia fedha zilitoka vipi na kazi ilifanywa vipi. Je, ulilipwa kiasi kilekile kila mwezi, biashara ipate au ikose, au ulikuwa unachota kulingana na faida? Je, malipo yako yaliandikwa kwenye vitabu kama mshahara, yakakatwa kodi ya mshahara na michango ya hifadhi ya jamii, au yaliandikwa gawio au mkopo kwa mkurugenzi? Uliomba likizo kwa mtu, au uliondoka ulipotaka? Ulikuwa na mtu wa kumpa taarifa ya kazi? Ulipokosea, kuna aliyeweza kukukemea? Hili la mwisho lina uzito kwako, kwa sababu wenzako wana asilimia 70 na wamekuonyesha wenyewe kwamba wanaweza kukutoa. Hawawezi kukufungia geti halafu waseme hakuna aliyekuwa na mamlaka juu yako.

Nipitie mambo matatu uliyoyataja, kwa sababu najua ndiyo watakayokurushia.

La kwanza ni ile miaka miwili bila mshahara. Kwa kipindi hicho sitakudanganya, una hali ngumu. Bila malipo na bila ahadi ya malipo, mahakama nyingi zitaona mwanzilishi anayejenga chake, hazitaona mwajiriwa. Lakini hilo halibatilishi miaka iliyofuata. Mtu anaweza kuanza kama mwanzilishi tu, akageuka mwajiriwa tarehe fulani. Itafute tarehe hiyo. Pengine ni mwezi ambao jina lako liliingia kwenye orodha ya mishahara, au kikao cha bodi kilichopitisha viwango. Dai kuanzia hapo, usidai miaka yote tisa. Dai la miaka saba lenye ushahidi wa kila mwezi litakusaidia kuliko la miaka tisa ambalo mwanzo wake unaweza kuchafua mwisho wake.

La pili ni mshahara kupunguzwa nusu. Watasema mwajiriwa wa kweli asingekubali, kwamba ulifanya vile kwa sababu ulikuwa unalinda hisa zako. Jibu liko kwenye muhtasari wa kikao cha siku ile. Ikiwa wafanyakazi wengine nao walipunguziwa, hoja yao imeisha nguvu. Ikiwa mlipunguza watatu tu, soma maneno yenyewe. Kama imeandikwa "mishahara ya wakurugenzi inapunguzwa kwa asilimia 50 hadi hali itakapotengemaa", basi kampuni yenyewe imeandika kwamba ulikuwa na mshahara, kwamba kilichofanyika ni badiliko la muda, na kwamba kiwango chako halisi ni kile cha zamani. Na kiwango ni jambo kubwa. Tuseme mshahara wako ulikuwa 1,000 ukawa 500. Fidia ya miezi 12 ni 12,000 kwa hesabu ya kwanza na 6,000 kwa ya pili. Sentensi moja kwenye muhtasari inaweza kuamua nusu ya dai lako, kwa hiyo huo ndio ukurasa wa kwanza wa kuutafuta.

La tatu ni dhamana ya benki. Watasema mfanyakazi wa kawaida hadhamini mkopo wa mwajiri. Kweli, lakini haiamui. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ililipima hili mwaka 2009 katika kesi ya Neufeld, mkurugenzi mtendaji mwenye asilimia 90 ya hisa aliyekuwa ameikopesha kampuni yake fedha na kuidhamini. Ilionekana kwamba mambo hayo ni ya mtu kama mwenye hisa. Yanaweza kuishi pamoja na ajira yake bila kuifuta. Kinachotazamwa ni kama mkataba wa kazi ulikuwa wa kweli na kama watu waliuishi kweli. Hukumu ya namna hiyo inaweza isiifunge mahakama ya nchi yako, lakini hoja zake husikilizwa popote penye sheria za kampuni za asili hiyohiyo.

Ukishavuka hapo, mambo yanakuwa mepesi, kwa sababu waliokuondoa walifanya haraka na kwa uzembe. Kura ya wanahisa iliondoa cheo cha ukurugenzi. Sheria nyingi za kampuni zinaruhusu wanahisa wengi kumwondoa mkurugenzi kwa azimio la kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura, ilimradi ametolewa taarifa ya mapema na amepewa nafasi ya kujieleza mkutanoni. Kwa asilimia 70 kura wanazo, na hapo sikushauri upoteze nguvu nyingi. Lakini sheria hizohizo kwa kawaida zinasema wazi kwamba kuondolewa hivyo hakumnyimi mtu fidia anayostahili kwa kupoteza ajira yake. Na azimio la kumtoa mtu kwenye bodi halisemi chochote kuhusu umeneja. Ajira yako ilivunjwa na kitu kingine: agizo kwa mlinzi, barua pepe kufungwa, na ile sentensi moja.

Hapo mwajiri ana maswali mawili ya kujibu. Sababu ilikuwa nini, na utaratibu ulifuatwaje? Kenya na Tanzania zote zinamtaka mwajiri ndiye athibitishe kwamba sababu ilikuwa halali. "Wanahisa wameamua" si sababu, ni maelezo ya nani aliamua. Inaweza kuwepo sababu ya kweli nyuma yake: kwamba mizigo ilipotea, kwamba umeneja umefutwa, au kwamba watatu nyinyi hamwezi tena kufanya kazi pamoja. Baadhi ya nchi huikubali hata hiyo ya mwisho mahusiano yakiwa yamevunjika kabisa. Lakini kila moja ina njia yake. Utovu wa nidhamu unataka tuhuma za maandishi na kikao cha kujitetea. Kufutwa kwa nafasi kunataka mashauriano na malipo yake. Kwako hakukuwa na hata simu. Na tafadhali waulize kwa barua, leo, sababu ya kusitishiwa umeneja. Wakitaja sababu, wamejifunga nayo. Wakinyamaza, ukimya utasomwa siku ya shauri.

Kuna karatasi moja inayoweza kubadilisha picha hii, nayo ni katiba ya kampuni, au mkataba wa wanahisa kama mlisaini. Tafuta kifungu kinachosema mkurugenzi mtendaji akiondolewa kwenye bodi, ajira yake nayo inakoma papo hapo. Kikiwepo, watasema hukufukuzwa, ajira ilijikatikia yenyewe. Jibu lake ni kwamba wao ndio waliopiga kura wakijua matokeo, na mwajiri hawezi kukwepa sheria ya kazi kwa kuiandika nje kwenye katiba yake. Ni hoja nzuri, lakini ni mapambano ya ziada. Katika mkataba huohuo angalia pia kama kuna sharti kwamba anayeondolewa kwa kosa lazima auze hisa zake kwa bei ya chini iliyopangwa. Sharti hilo likiwepo, namna ajira yako ilivyokoma inagusa bei ya asilimia 30 zako, na dai la kazi linakuwa na thamani kubwa kuliko mishahara inayodaiwa. Nimeona watu wakisaini barua ya kukiri kosa dogo "ili mambo yaishe", kumbe wameshusha bei ya hisa zao kwa saini hiyo.

Na hisa bado ni zako. Hilo wengi husahau wakiwa na uchungu wa kazi. Fidia ya kuachishwa kazi huhesabiwa kwa mshahara wako, haihesabiwi kwa thamani ya kampuni wala gawio. Ukitaka haki yako kama mwenye hisa, mlango ni mwingine, kwa kawaida Mahakama Kuu, kwa dai kwamba kampuni inaendeshwa kwa kumkandamiza mwanahisa mdogo. Kesi inayofanana sana na yako ni ya Bwana Ebrahimi, aliyekuwa na duka la mazulia na Bwana Nazar huko London. Walianza kama wabia, mwaka 1958 wakafungua kampuni, baadaye mtoto wa Nazar akaingizwa. Faida yote ililipwa kama malipo ya wakurugenzi, gawio halikutolewa. Mwaka 1969 baba na mtoto wakampigia kura akatoka kwenye bodi, akabaki na hisa zisizompa chochote. Mwaka 1972 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikakubali kampuni ivunjwe, kwa sababu iliundwa juu ya kuaminiana na juu ya matarajio kwamba kila mmoja atashiriki kuiendesha. Kura ilikuwa halali kwa herufi, lakini haki haikuishia hapo. Kwa hiyo kama na nyinyi faida mlikuwa mnailipa kwa njia ya mishahara, kukuondoa kazini kumekukausha na upande wa hisa. Siku hizi tiba ya kawaida ni kuamuru wenye nguvu wakununue kwa bei ya haki, na hiyo ndiyo turufu yako mezani.

Sasa irudie hati waliyokutumia. Tafuta sentensi inayosema unaachilia "madai yote ya aina yoyote, katika nafasi yoyote". Nafasi yoyote maana yake ni mfanyakazi, mkurugenzi na mwanahisa kwa pamoja, kwa bei moja. Wajibu kwamba unataka takwimu mbili: moja ya ajira, ambamo watahesabu notisi, likizo ambazo hukuchukua, malimbikizo ya ile nusu na fidia, nyingine ya hisa, kwa tathmini ya mhasibu asiye wa upande wowote. Tena usikubali malipo yoyote kabla benki haijaandika kwamba imekuondoa kwenye dhamana. Ahadi ya kaka yako kwamba "tutalishughulikia" haiifungi benki. Unaweza kuuza hisa zote, ukaenda zako, halafu miaka mitatu baadaye benki ikaja kwako kwa deni la kampuni usiyo na kauli ndani yake.

Kuhusu ushahidi, kusanya vilivyo vyako: hati za mshahara, taarifa za akaunti yako ya benki, kumbukumbu za kodi na za hifadhi ya jamii zenye jina la kampuni kama mwajiri, ujumbe wa simu ambamo kaka anakupangia kazi au kukupa ruhusa. Muhtasari wa mikutano mikuu uombe kwa barua, kama mwanahisa. Lakini usimwombe kijana wa ofisini akutolee mafaili usiku, wala usijitumie orodha ya wateja. Watakachokipata humo watakigeuza kuwa sababu ya kukufukuza ambayo leo hawana.

Kesho nenda kwa wakili wa kazi ukiwa na barua ile ya sentensi moja, hati zako za mshahara na katiba ya kampuni. Mwambie tarehe uliyozuiwa getini kabla hujamweleza kitu kingine chochote. Na kaka yako, kama mnazungumza, mjibu kwa upole kwamba mambo ya kampuni yapitie kwa maandishi kwa sasa.